Opsheni za hisa na wafanyakazi walioondoka: ile shilingi 2,700,000 imetoka wapi

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya kutembeza watalii hapa Njiro, Arusha. Tarehe 1 Januari 2022 wafanyakazi 60 walipewa opsheni 1,000 za hisa kila mmoja, yaani haki ya kununua hisa kwa bei iliyopangwa, kwa sharti la kubaki kazini hadi 31 Desemba 2024. Mthamini alisema kila opsheni ina thamani ya shilingi 900. Nimegawa kwa miaka mitatu, na kila mwaka nimeandika gharama ya waliokuwapo mwisho wa mwaka: 56, halafu 49, halafu 48. Jumla imefika 45,900,000. Mkaguzi anasema nimezidisha 2,700,000. Mkurugenzi naye anasema hisa zimeshuka, hakuna atakayenunua, kwa hiyo tufute gharama yote. Nimsikilize nani?*

Marahaba, dada. Msikilize mkaguzi. Mkurugenzi hana hoja hapa, ingawa naelewa kwa nini anaona hivyo, na nitarudi kwake baadaye.

Tuanze na hiyo 2,700,000, kwa sababu ukiijua imetoka wapi, mengine yote yanafunguka. Kwa hesabu yako kila mfanyakazi anabeba shilingi 300,000 kwa mwaka, yaani opsheni 1,000 mara 900, gawanya kwa tatu. Walioondoka mwaka 2022 ni wanne. Hao hukuwaandikia chochote, kwa sababu mwisho wa mwaka hawakuwapo. Mwaka 2023 waliondoka saba, na hao ulikuwa umeshawaandikia 300,000 kila mmoja mwaka uliotangulia: jumla 2,100,000. Mwaka 2024 akaondoka mmoja, ambaye ulishamwandikia miaka miwili: 600,000. Jumlisha, unapata 2,700,000 kamili. Ni gharama ya watu wanane ambao hawakufika mwisho, na imebaki kwenye vitabu kwa sababu uliacha kuwaongezea bila kuondoa ulichokuwa umekwisha kuwaandikia.

Kiwango cha uhasibu kinachotawala jambo hili, IFRS 2, ambacho kilianza kutumika mwaka 2005, hakitaki mabaki hayo. Mtu akiondoka kabla ya sharti kutimia, opsheni zake zimepotea, na kwa hesabu ni kama hazikuwahi kutolewa. Mwisho wa safari, jumla ya gharama lazima ilingane na opsheni zilizoiva kweli. (Nasema “kuiva” kwa sababu ndivyo tunavyosema ofisini kwetu: sharti likitimia imeiva, mtu akiondoka kabla imepotea.) Kwenu zimeiva za watu 48, yaani opsheni 48,000 kwa shilingi 900, sawa na 43,200,000. Hiyo ndiyo namba ambayo miaka yako mitatu ikijumlishwa inapaswa kufikia.

Sasa, mtu anaweza kusema: basi tungoje waondoke ndipo tuwatoe. Hapana. Kiwango kinataka ukadirie mapema ni wangapi watafika mwisho, na kila mwaka uusahihishe ukadiriaji huo kwa kurudi hadi siku ya kwanza. Maneno “kurudi hadi siku ya kwanza” ndiyo roho ya hesabu yenyewe. Hukokotoi gharama ya mwaka. Unakokotoa jumla inayopaswa kuwa imeandikwa tangu mwanzo hadi leo, kisha unatoa ile iliyokwisha kuandikwa miaka ya nyuma. Kinachobaki ndicho gharama ya mwaka huu, iwe kubwa, ndogo, au hata hasi.

Tuipitishe kampuni yenu humo. Mwisho wa 2022 watu wanne wameondoka kati ya 60, karibu asilimia 7. Tuseme uongozi ulikaa ukaona mwendo huo utaendelea. Waliobaki ni 56, na miaka miwili iko mbele, kwa hiyo 56 mara 0.93 mara 0.93 ni kama 48. Hao ndio mnaotarajia wafike. Opsheni 48,000 kwa 900 ni 43,200,000, na theluthi moja ya muda imepita, kwa hiyo gharama ya 2022 ni 14,400,000. Wewe uliandika 16,800,000.

Mwaka 2023 ukaja na mambo yake. Saba wameondoka mwaka mmoja, na mtu yeyote aliyekuwa Arusha anajua madereva waongoza watalii wanavyohamishana msimu unapochangamka. Tuseme uongozi uliona wimbi limepita lakini si lote, ukakadiria asilimia 8 kwa mwaka uliobaki. Waliobaki 49 mara 0.92 ni 45. Opsheni 45,000 kwa 900 ni 40,500,000, na theluthi mbili ya hiyo ni 27,000,000. Toa 14,400,000 iliyokwisha kuandikwa, na gharama ya 2023 ni 12,600,000. Angalia kilichotokea: mwaka huo haukubeba sehemu yake tu, umebeba pia masahihisho ya 2022, kwa sababu wakati huo 48 ilionekana kuwa namba ya matumaini.

Mwaka 2024 akaondoka mmoja tu. Ukadiriaji umekwisha, tunahesabu vichwa: 48. Jumla ni 43,200,000, toa 27,000,000, gharama ya mwaka ni 16,200,000. Imepanda kwa sababu waliodhaniwa wataondoka walibaki. Jumlisha 14,400,000 na 12,600,000 na 16,200,000, unarudi pale pale kwenye 43,200,000.

Kwenye Ekseli inakaa kwenye mstari mmoja. Weka watu wanaotarajiwa kwenye B2, opsheni kwa kila mtu C2, thamani D2, miezi iliyopita E2, miezi yote F2, na jumla ya miaka ya nyuma G2:

```
=B2*C2*D2*E2/F2-G2
```

Natumia miezi badala ya miaka kwa makusudi. Opsheni zikitolewa mwezi Aprili na hesabu zenu zinafungwa Desemba, mwaka wa kwanza una miezi tisa, na ni makosa ya kawaida kuuhesabu kama mwaka mzima.

Ingizo lenyewe halina utata: debiti gharama za wafanyakazi, krediti akiba ya opsheni iliyo ndani ya mtaji. Hakuna fedha inayotoka, wala hakuna deni, kwa kuwa kampuni italipa kwa hisa. Nimewahi kuona krediti ikiwekwa kwenye wadai, ikakaa huko miaka miwili, na benki ikahesabu kampuni ina madeni kuliko ilivyo.

Kuhusu ukadiriaji, nataka nikae kidogo, maana hapo ndipo watu wengi huanguka hata wakiijua fomula. Kosa la kwanza ni kuchukua asilimia ya mwaka mmoja na kuitumia mara moja. Kama wanaondoka asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka mitatu hawabaki asilimia 90. Hawabaki 70 pia. Wanabaki 72.9, kwa sababu kila mwaka asilimia 10 inatolewa kwa waliobaki, si kwa walioanza. Kwa watu 60 tofauti ya 54 na 44 ni opsheni 10,000, na kwa bei yenu hiyo ni shilingi 9,000,000. Kosa la pili ni kuendelea kutumia asilimia ileile kwa muda wote wa miaka mitatu hata baada ya mwaka wa kwanza kupita. Ukishafika mwisho wa 2023, walioondoka unawajua kwa majina. Kinachokadiriwa ni mwaka uliobaki tu, kwa watu waliobaki tu.

Jambo jingine ni kuwachanganya watu wote kapu moja. Waongoza watalii wana mwendo wao, watu wa uhasibu na ofisi ya mbele wana mwendo mwingine, na wakuu wa idara mara nyingi hawaondoki kabisa. Kama kila mtu ana opsheni 1,000, kapu moja halikuumizi sana. Lakini siku wakuu watakapopewa 10,000 na madereva 500, wastani wa kampuni nzima utakudanganya vibaya, maana wanaobeba gharama kubwa ndio wasioondoka.

Halafu muulize mthamini wenu swali moja: je, ile 900 ameshaipunguza kwa ajili ya watakaoondoka? Haipaswi. Sharti la kubaki kazini haliingii kwenye thamani ya opsheni, linaingia kwenye idadi. Ukikuta ripoti yake inaorodhesha bei ya hisa siku ya kutoa, bei ya kununulia, muda unaotarajiwa, mtikisiko wa bei, gawio na riba isiyo na hatari, uko salama. Ukikuta humo ndani pia kuna “punguzo la asilimia 20 kwa wafanyakazi watakaoacha kazi”, simama hapo. Wewe ukikadiria tena 48, watakuwa wameondoka mara mbili.

Na hiyo idadi ya walioondoka, umeitoa wapi? Miaka ya nyuma, nikiwa naandaa hesabu za kiwanda kimoja Moshi, niliichukua kutoka orodha ya mishahara ya Desemba. Nilidhani nimefanya la maana. Mkaguzi alikuja na faili za ofisi ya utumishi, akaziweka mezani, akaanza kulinganisha jina kwa jina. Watu wawili walikuwa wameacha kazi Novemba lakini wamo kwenye orodha ya Desemba, kwa sababu walikuwa wakilipwa malimbikizo ya likizo. Mama mmoja alikuwa kwenye likizo bila malipo akimuuguza mzee wake. Hakuwa kwenye orodha, mimi nikamtoa, kumbe mkataba wake uko hai na opsheni zake zipo. Nilikuwa nimekosea pande zote mbili kwenye ukurasa mmoja. Tangu siku ile natunza daftari la waliogawiwa, kila jina na tarehe ya mwisho ya ajira, na kando yake namba ya barua iliyothibitisha.

Barua ya kugawiwa opsheni nayo isome hadi mstari wa mwisho. Aliyeacha mwenyewe na aliyefukuzwa, wote opsheni zao zimepotea. Watu hudhani kampuni ikifukuza haiwezi kurudisha gharama, lakini kwa kiwango sharti la kubaki kazini halikutimia, kwa sababu yoyote ile. Kwa mstaafu na marehemu inategemea barua. Kama imeandikwa kwamba anayestaafu au anayefariki anabaki na opsheni zake, au warithi wake wanabaki nazo, hajapotea huyo, na gharama yake haiondolewi.

Yote niliyoandika yanafaa kwa opsheni zinazoiva siku moja, kama zenu. Kama mpango ungesema theluthi inaiva kila mwaka, usingeruhusiwa kuugawa kwa usawa. Kila theluthi ni mpango wake: ya kwanza ina mwaka mmoja, ya pili miwili, ya tatu mitatu. Kabla ya kuhesabu walioondoka, na kama kila theluthi ina thamani ileile, mwaka wa kwanza peke yake ungebeba asilimia 61 ya gharama yote. Bodi inayochagua mpango wa namna hiyo kwa sababu unaonekana mpole kwa wafanyakazi huwa inashtuka mwezi Desemba.

Sasa hesabu zenu za nyuma. Kwenye vitabu vyako mna 16,800,000 ya 2022 na 14,700,000 ya 2023, jumla 31,500,000, wakati inayostahili hadi hapo ni 27,000,000. Hesabu za miaka hiyo zimeshatolewa. Usijaribu kuiita tofauti hii ya 4,500,000 badiliko la ukadiriaji ili uipitishe kimyakimya mwaka huu. Badiliko la ukadiriaji ni pale ulipokadiria 48 ukaja kuona 45. Hukukadiria kabisa, na waliokwisha kuandikiwa hukuwatoa, kwa hiyo ni kosa, na kiwango kingine, IAS 8, ndicho kinachosema la kufanya. Kama ni kubwa kiasi cha kumbadilishia msomaji uamuzi, unarudi kusahihisha takwimu za 2023, na mtaji wa mwanzo wa mwaka huo unabeba 2,400,000 ya 2022. Mwaka 2024 hapo unabeba 16,200,000 yake. Kama si kubwa, unaimalizia mwaka huu: 43,200,000 toa 31,500,000, gharama ya 2024 inakuwa 11,700,000. Ndiyo ile 14,400,000 uliyoandika wewe kwa 2024 ikipunguzwa 2,700,000 ya mkaguzi.

Kati ya njia hizo mbili, maoni yangu yanategemea jambo ambalo hukuniambia: kuna bonasi au masharti ya mkopo yanayotegemea faida? Kosa la 4,500,000 kwenye kampuni yenye faida ya mamia ya milioni linaweza kupita. Lakini kama kwa ajili yake bonasi ya mtu ilikosekana mwaka 2023, ukubwa wake haupimwi kwa asilimia tu. Kaa na mkaguzi mlimalize hilo kabla hujagusa vitabu.

Narudi kwa mkurugenzi. Tuseme bei ya kununulia mliiweka shilingi 2,500 na hisa leo inathaminiwa 1,800. Ni kweli, hakuna mwenye akili timamu atakayenunua kwa 2,500 kitu cha 1,800. Lakini gharama mliyoandika haikuwa ya hisa. Ilikuwa ya kazi. Mwaka 2022 mliwaambia watu hawa: fanyeni kazi miaka mitatu, nasi tunawalipa kwa opsheni zenye thamani ya 900 leo. Kazi wameifanya, wageni wamepelekwa Serengeti na wamerudishwa. Thamani ilifungwa siku ile ya kutoa na haifunguliwi tena, bei ipande au ishuke. Ndiyo maana hisa ingefika 6,000, mkurugenzi huyohuyo asingelazimika kuongeza hata shilingi moja kwenye gharama.

Hapa kuna mpaka ambao watu huuvuka bila kujua. Opsheni iliyopotea kabla ya kuiva inarudishiwa gharama. Opsheni iliyokwisha kuiva, halafu muda wake ukaisha bila kutumika, hairudishiwi. Mfanyakazi wenu akiacha kazi Machi 2025, baada ya kuiva, na opsheni zake zikafa kwa masharti ya barua, usiguse gharama. Mnachoruhusiwa, mkitaka, ni kuhamisha kiasi chake kutoka akiba ya opsheni kwenda faida iliyolimbikizwa, ndani ya mtaji huohuo, bila kupita kwenye faida na hasara.

Mpango ungekuwa na lengo, hadithi ingegawanyika tena. Lengo la ndani, kama idadi ya wageni au faida, lisipofikiwa opsheni zimepotea na gharama inaondolewa. Lengo likiwa ni bei ya hisa yenyewe, uwezekano wa kulikosa umeshaingia kwenye thamani siku ya kutoa, kwa hiyo likikosekana gharama inabaki kwa wote waliomaliza muda wao. Kwenu hakuna lengo, kwa hiyo hili linapita.

Nahisi mkurugenzi akisikia hawezi kufuta, atakuja na wazo la pili: tuwashushie bei ya kununulia, kutoka 2,500 hadi 1,800, wapate moyo. Hilo linaruhusiwa, ila lina gharama yake, na ni gharama ya ziada juu ya ile 43,200,000. Siku ya kushusha, mthamini anapima opsheni mara mbili, kwa bei ya zamani na kwa bei mpya. Tuseme anapata 250 na 430. Tofauti ni 180, mara opsheni 48,000, sawa na 8,640,000. Na kwa kuwa zimeshaiva, kama hamkuongeza sharti jipya la kubaki kazini, hakuna muda wa kuigawia. Inaingia yote mwezi huohuo. Mwandikie namba hiyo kwenye karatasi kabla bodi haijakaa.